Barua ya Mwenyekiti: Tovuti Mpya ya Chama na Namna ya Kuitumia

Chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani Saccos, kinapoanzisha tovuti ambamo kila mwanachama anaweza kuona fedha zake, taarifa rasmi huwafikia wanachama kwa barua ya mwenyekiti. Barua hiyo hubeba mambo mawili kwa pamoja. Kwanza ni taarifa ya kiongozi kwa waliomchagua: nini kimefanyika, kwa uamuzi wa nani na kwa fedha zipi. Pili ni mwongozo ambao mtu aliye peke yake nyumbani, mwenye simu yenye kioo kidogo na bando la kubania, anapaswa kuufuata mpaka aione akaunti yake. Barua nyingi hufanya vizuri jambo la kwanza na kulipua la pili. Mwanachama hujua kwamba tovuti ipo, lakini hajui aanzie wapi, wala hajui afanye nini siku atakapokuta tarakimu zisizolingana na stakabadhi zake.

Anayeandika na sababu yake

Katika Saccos, meneja ni mwajiriwa na ndiye anayesimamia shughuli za kila siku. Mwenyekiti ni mwanachama aliyechaguliwa, anaongoza Bodi na anawajibika kwa Mkutano Mkuu, ambao kwa Tanzania Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inautambua kuwa ndio mamlaka ya juu ya chama. Tovuti imegharimiwa na fedha za wanachama na inaonyesha fedha za wanachama. Kwa hiyo tangazo lake halitoki kwa fundi aliyeitengeneza wala kwa karani wa ofisi, hata kama wao ndio wanaoifahamu zaidi. Mwongozo unaweza kuandaliwa na meneja, lakini saini na muhuri viwe vya mwenye dhamana.

Kwa desturi ya barua za kiofisi, juu hukaa jina la chama na anwani yake, kumbukumbu namba na tarehe. Hufuata "Ndugu Mwanachama," kisha mstari wa kichwa: "YAH: KUANZA KUTUMIKA KWA TOVUTI YA CHAMA." Hapo ndipo waandishi wengi hupotezea aya nzima kwa "husika na kichwa cha habari hapo juu" na "napenda kuchukua fursa hii". Msomaji mwenye haraka huishia hapo. Aya ya kwanza inayofaa hueleza mambo kwa mkato, kwa mfano hivi:

"Kuanzia tarehe 1 Machi, utaweza kuona hisa, akiba, amana na mkopo wako kupitia tovuti ya chama. Uamuzi wa kuianzisha ulipitishwa na Mkutano Mkuu wa mwaka jana, na gharama yake ilikuwa ndani ya makisio mliyoyapitisha. Kitabu chako cha mwanachama kinaendelea kutumika kama kawaida. Hakuna mwanachama atakayepoteza huduma kwa kutotumia tovuti."

Sentensi mbili za mwisho zina uzito kuliko zinavyoonekana. Habari ya tovuti inapotangazwa, wazee na wenye simu za kitochi huanza kuuliza kama ofisi itafungwa, au kama kitabu kitakuwa karatasi tu. Hofu hiyo isipojibiwa mwanzoni, sehemu nyingine yote ya barua husomwa kwa shaka.

Anwani: jambo la kwanza kuandikwa na la kwanza kuigwa

Wiki chache baada ya tangazo ndizo wezi huzipenda zaidi. Wanachama wanajua kuna kitu kipya, hawajakizoea bado, na wanatarajia kupokea ujumbe kukihusu. Anayetuma ujumbe wa "chama kimehamia mtandaoni, bonyeza hapa uhakiki akaunti yako" atawapata watu walio tayari kubonyeza. Wanaoukumbuka ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanajua kwamba tapeli hahitaji utaalamu wa kompyuta. Anachohitaji ni mtu mwenye haraka.

Kwa sababu hiyo anwani ya tovuti huandikwa kwa herufi kubwa kidogo, peke yake kwenye mstari, na barua huagiza iandikwe moja kwa moja kwenye kivinjari badala ya kufuatwa kutoka kwenye ujumbe. Hapa `jinalachama` limewekwa mahali pa jina halisi la chama:

```
https://jinalachama.or.tz
```

Mwanachama anapaswa pia kufundishwa kuisoma anwani. Kinachoonyesha mwenye tovuti ni mwisho wa jina, yaani sehemu iliyo mara tu kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya `https://`. Katika anwani za Tanzania zinazoishia na `.or.tz` au `.co.tz`, neno lililotangulia mwisho huo ndilo jina lililosajiliwa. Tapeli hulitanguliza jina la chama mwanzoni ili jicho liridhike, kisha huweka jina lake mwishoni:

```
https://jinalachama.or.tz.jinalamwizi.com/ingia
```

Anwani hii ya pili si ya chama hata kidogo. Mwenyewe ni `jinalamwizi.com`, na yote yaliyotangulia ameyabandika atakavyo. Anayesoma anwani kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia kwenye mkwaju huo, hatapotea.

Alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani nayo huwapotosha wengi. Kufuli humaanisha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa yasisomwe njiani. Haimaanishi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu, kwa sababu hata tovuti ya mwizi inaweza kupata kufuli. Barua inayosema "ukiona kufuli upo salama" inawapa wanachama silaha isiyo na risasi.

Kuna jambo moja linalohusu anwani ambalo Bodi hulimaliza kabla barua haijachapwa. Anwani husajiliwa kwa kipindi na hulipiwa upya kipindi kinapokwisha. Mara nyingi fundi aliyetengeneza tovuti huisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Akihama au wakikosana, chama hubaki na muhuri wenye anwani isiyofunguka. Usajili uwe wa chama, na tarehe ya kulipia upya iwe kwenye kalenda ya ofisi.

Kuingia kwa mara ya kwanza

Mfumo wa kawaida hufanya kazi hivi. Mwanachama hufungua anwani, hubonyeza sehemu ya kujisajili, na kuandika namba yake ya uanachama pamoja na namba ya simu aliyoiandikisha ofisini. Mfumo ukizikuta namba hizo mbili pamoja kwenye daftari la chama, hutuma kwa ujumbe mfupi msimbo wa tarakimu kadhaa unaodumu dakika chache tu. Mwanachama huuandika msimbo huo kwenye ukurasa ulio wazi mbele yake, kisha hutunga nywila yake. Tangu hapo ataingia kwa namba ya uanachama na nywila.

Barua nzuri huziandika hatua hizi kwa namba, kitendo kimoja kwa kila hatua, na kueleza mwanachama ataona nini baada ya kila kitendo. "Bonyeza Jisajili. Utaona visanduku viwili. Andika namba ya uanachama kwenye kisanduku cha juu, pamoja na sifuri zilizotangulia." Agizo kuhusu sifuri linaonekana dogo, lakini kwa mfumo 417 na 0417 vinaweza kuwa watu wawili tofauti. Maneno ya barua yafanane na yale yaliyopo kwenye kioo: kama kitufe kimeandikwa "Ingia", barua isiseme "Fungua akaunti".

Kinachowakwamisha wengi katika hatua hii ni namba ya simu. Daftari la chama linaweza kuwa na namba aliyoiacha mwanachama miaka sita iliyopita, au namba ya mume, au ya mtoto aliyekuwa anaishi naye wakati anajiunga. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni ya simu na kupewa mteja mwingine. Hivyo msimbo wa kuingilia unaweza kumfikia mtu ambaye hata hakijui chama. Dalili ni rahisi kuitambua: mwanachama anabonyeza, mfumo unasema msimbo umetumwa, na simu yake inakaa kimya.

Dawa ya tatizo hili hutangulia barua. Miezi miwili au mitatu kabla ya tovuti kufunguliwa, ofisi huhakiki namba za wanachama wote, kila mmoja akifika mwenyewe na kitambulisho chake. Kwa wale ambao hawakufika, barua hutaja siku na saa za uhakiki na vitu vya kuja navyo. Namba isibadilishwe kwa kupiga simu tu, hata kama sauti inafahamika, kwa maana mwenye uwezo wa kubadilisha namba ya simu ana uwezo wa kuichukua akaunti nzima.

Kuhusu nywila, maelekezo machache yanatosha. Iwe ndefu, kwa mfano maneno manne yasiyo na uhusiano ambayo mwenyewe anayakumbuka. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, jina la mtoto wala namba ya siri ya kutolea fedha kwenye simu. Msimbo unaotumwa kwa ujumbe mfupi hauna mtu mwingine wa kuuona. Barua iseme kwa sentensi kamili: "Hakuna mtumishi wa chama, wala mjumbe wa Bodi, wala mimi mwenyewe, atakayekuuliza nywila au msimbo wako kwa sababu yoyote." Mwenyekiti akiisema kwa jina la cheo chake, mwanachama hupata nguvu ya kumkatalia hata anayejitambulisha kuwa mwenyekiti.

Kuisoma taarifa ya akaunti

Mwanachama akishaingia hukutana na tarakimu, na bila maelezo tarakimu hizo huzua maswali. Katika Saccos nyingi za Tanzania ukurasa wa kwanza huwa na mafungu manne. Hisa ni sehemu ya umiliki wa chama. Hazitolewi kama fedha ya matumizi, na gawio hutolewa kwa kuzingatia hisa. Akiba ni michango ya kila mwezi, ambayo huwa msingi wa kiwango cha mkopo na kwa kawaida haichukuliwi mpaka mwanachama anapoacha uanachama. Amana ni fedha za hiari ambazo mwenyewe anaweza kuzichukua kwa utaratibu wa chama. Mkopo ni deni lililobaki. Barua isipoeleza tofauti hii, ofisi itapokea foleni ya watu wanaotaka kutoa "ile hela niliyoiona kwenye simu", kumbe ni akiba iliyoshikilia dhamana.

Karibu na kila fungu huwa na maneno "hadi tarehe" fulani. Watu wengi huyaruka, lakini ndiyo yanayojibu malalamiko mengi. Makato ya mshahara ya mwisho wa mwezi humfikia mwajiri, kisha benki, kisha chama, ndipo karani ayagawe kwa kila mwanachama. Aliyekatwa tarehe 25 anaweza kuona mchango wake kwenye tovuti wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata. Mfumo hauna kosa hapo na fedha haijapotea. Barua inapaswa kutaja muda wa kawaida wa kuingiza michango, na kueleza kwamba mwanachama aulize pale tu muda huo unapopita.

Mfano mmoja unaonyesha namna taarifa inavyosomwa. Mwanachama mwenye namba 0417 alikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye deni lililobaki. Kila mwezi anarejesha 100,000 ya mkopo wenyewe pamoja na riba ya mwezi huo. Januari riba ni asilimia 1.5 ya 1,200,000, yaani 18,000, kwa hiyo analipa 118,000. Februari deni limeshuka hadi 1,100,000 na riba ni 16,500, hivyo analipa 116,500. Machi deni ni 1,000,000, riba ni 15,000, na malipo ni 115,000. Baada ya malipo hayo ya tatu deni linapaswa kuwa 900,000. Mpaka mwisho wa mkopo atakuwa amelipa riba ya jumla ya shilingi 117,000.

Katikati ya Aprili anafungua tovuti na kukuta deni ni 1,000,000, na chini yake maandishi kwamba amechelewesha 115,000. Mwanachama aliyezoea kuangalia tarakimu ya chini tu angeamini ameibiwa. Anayejua kusoma taarifa hufungua orodha ya miamala na kuilinganisha na stakabadhi zake, mstari kwa mstari. Malipo ya Januari yapo, ya Februari yapo, ya Machi hayapo. Tatizo sasa limekuwa dogo na lina jina: muamala mmoja wa 115,000 haujaonekana.

Malipo ya Machi aliyafanya kwa simu. Anautafuta ujumbe wa uthibitisho na kukuta kwamba kwenye sehemu ya namba ya kumbukumbu aliandika 0471 badala ya 0417. Fedha imefika kwenye akaunti ya chama, lakini mfumo haukupata mwanachama mwenye namba hiyo, ukaiweka kwenye fungu la fedha zisizojulikana mwenyewe. Kama namba 0471 ingekuwa na mtu, fedha ingeingia kwa mtu huyo, na kuirudisha kungechukua muda zaidi kwa kuwa akaunti mbili zingehitaji kusahihishwa.

Kosa la aina hii haliponi kwa kuachwa. Lisiposahihishwa, riba ya Aprili itahesabiwa kwenye 1,000,000 na kuwa 15,000 badala ya 13,500, na kama masharti ya chama yana adhabu ya kuchelewesha marejesho, nayo itaongezwa. Hivyo barua huwaeleza wanachama nini cha kupeleka ofisini: namba ya uanachama, tarehe ya malipo, kiasi, na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa kampuni ya simu. Kwa vitu hivyo vinne karani anaweza kuupata muamala. Kwa maelezo ya "nililipa mwezi uliopita" hawezi.

Mwanachama anapaswa kujua pia marekebisho yataonekanaje. Katika uandishi mzuri wa hesabu kosa halifutwi. Huandikwa mstari mpya unaolirekebisha, wenye tarehe yake na maelezo yake. Kwa mwanachama 0417, orodha itaonyesha 115,000 ikiingizwa, na kama alikuwa ametozwa adhabu, mstari mwingine unaoirudisha. Deni likishuka bila mstari wowote wa maelezo, au mistari ya zamani ikitoweka, hapo kuna sababu ya kuuliza kwa maandishi na kupeleka nakala kwa Kamati ya Usimamizi, ambayo kazi yake katika Saccos ni kuyaangalia matendo ya Bodi na ofisi kwa niaba ya wanachama.

Yale ambayo tovuti haiwezi kuyafanya

Maombi ya mkopo yanaweza kujazwa mtandaoni, lakini kutuma maombi hakumaanishi kupewa mkopo. Kamati ya Mikopo bado inakaa, inaangalia akiba, uwezo wa kurejesha na wadhamini. Barua isipofafanua hili, mtu ataona maneno "maombi yamepokelewa" na kwenda kuahidi malipo ya mbegu au ada ya shule kwa fedha ambazo hajapitishiwa.

Udhamini unahitaji maelezo yake mwenyewe. Zamani mdhamini alifika ofisini na kutia saini mbele ya karani. Kwenye tovuti hupokea ujumbe na kubonyeza "Ninakubali". Kubonyeza huko kunafunga akiba yake sawasawa na saini ya kalamu. Mwenye nywila ya mwenzake anaweza kumdhaminisha bila mwenyewe kujua, na hutokea zaidi baina ya watu wanaoaminiana: mke na mume, mwalimu na mwalimu mwenzake, mjomba na mpwa aliyemsaidia kujisajili. Kwa sababu hiyo barua huagiza kila mwanachama, akiingia kwa mara ya kwanza, aifungue sehemu inayoonyesha mikopo aliyoidhamini. Jina asilolitambua aliripoti siku hiyohiyo.

Tovuti pia haichukui nafasi ya Mkutano Mkuu. Taarifa ya mkutano, makisio na hesabu zilizokaguliwa zinaweza kuwekwa humo ili wanachama wazisome mapema, na ni vizuri ziwekwe. Lakini kupitisha bajeti, kuchagua viongozi na kugawa faida kunafuata masharti ya chama, ambayo hayabadiliki kwa sababu kuna tovuti. Kama Bodi inataka wanachama wapige kura kwa mtandao, jambo hilo lipelekwe kwanza mkutanoni kama marekebisho ya masharti. Lisipenyezwe kwenye barua ya kutangaza tovuti.

Wasio na simu janja na wanaotumia simu ya mwingine

Katika chama cha wakulima au wafanyakazi wa viwandani, wanachama wengi wataifikia tovuti kupitia simu ya mtu mwingine, au kwenye duka la kuchapia na kutoa nakala pale mjini. Barua isijifanye haiwaoni. Kwa anayetumia kifaa cha kuazima, maagizo ni matatu. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, ajibu hapana. Akimaliza abonyeze "Toka", kwa sababu kufunga ukurasa peke yake kunaweza kuiacha akaunti wazi kwa anayefuata. Na asimpe kijana wa dukani nywila amwandikie, hata kama foleni ni ndefu.

Kwa asiyetaka au asiyeweza kutumia tovuti kabisa, barua hutaja njia nyingine kwa ukamilifu: kitabu cha mwanachama kitaendelea kujazwa, na taarifa iliyochapwa itapatikana ofisini siku fulani, kwa gharama fulani au bure. Hapa Bodi hupimwa kwa utekelezaji. Ofisi ikishazoea tovuti, makarani huanza kuchoka kujaza vitabu, na baada ya mwaka kitabu na tovuti havisemi jambo moja. Tofauti ikitokea, stakabadhi ndiyo inayoamua. Mwanachama anayetupa stakabadhi kwa sababu "kila kitu kipo mtandaoni" amejinyang'anya ushahidi wake mwenyewe.

Siri za wanachama

Kwenye daftari la karatasi, anayeweza kuona deni la mtu ni yule aliyefungua kabati. Kwenye mfumo, swali la nani anaona nini huamuliwa na mipangilio, na mwanachama ana haki ya kuujua uamuzi huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazitumie kwa lengo lililotajwa na kuzilinda. Pia inampa mhusika haki ya kuziona taarifa zake na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Katika barua, hayo hugeuzwa kuwa maneno ya kawaida: chama kinahifadhi jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho na hesabu za mwanachama, karani wa mikopo anaona nini, mjumbe wa Bodi haoni nini, na kampuni iliyotengeneza mfumo imefungwa na mkataba gani. Barua huongeza ombi kwa wanachama wenyewe. Mwenye lalamiko asipige picha ya ukurasa wa akaunti na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la chama. Picha hiyo ina namba ya uanachama, kiasi cha akiba na wakati mwingine majina ya wadhamini, na ikishatoka hairudi.

Kama mwanachama ameshaandika nywila yake kwenye tovuti ya kitapeli, muda ndio wenye thamani. Abadilishe nywila mara moja kupitia anwani sahihi. Akishindwa kuingia, apige simu ofisini akaunti ifungwe kwa muda. Kama nywila hiyo aliitumia mahali pengine, huko nako aibadilishe. Namba ya simu ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili ya taarifa za utapeli wa simu. Namba ya ofisi ya chama ichapwe kwenye barua yenyewe, kwa kuwa aliyetapeliwa hana sababu tena ya kuziamini namba anazozikuta mtandaoni.

Kuifikisha barua na kuihakiki

Barua ya aina hii hukaa vizuri kwenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni taarifa yenye saini na muhuri. Wa pili ni hatua za kuingia, unaoweza kubandikwa ukutani au kukunjwa ndani ya kitabu cha mwanachama. Hugawiwa kwa mkono kupitia matawi au vituo vya kazi, hubandikwa kwenye mbao za matangazo, na husomwa kwenye mikutano ya matawi kwa ajili ya wasiosoma. Ujumbe mfupi wa simu unaweza kutumwa kuwakumbusha wanachama, lakini usiwe na kiungo cha kubonyeza. Useme tu kwamba barua ipo ofisini na kwenye tawi. Chama kilichowaambia wanachama wasifuate viungo kisha chenyewe kikawatumia kiungo kimefuta kwa mkono mmoja kilichoandika kwa mwingine.

Kabla ya kuchapa nakala zote, rasimu hupewa wanachama watatu au wanne wa aina tofauti: mstaafu, mama mwenye genge sokoni, kijana aliyejiunga karibuni. Kila mmoja hujaribu kuingia akiwa na barua peke yake, bila kuelezwa lolote, huku mtu wa ofisi akiangalia kimya na kuandika anapokwama. Mahali walipokwama wawili ni mahali pa kuandikwa upya. Jaribio hili huchukua asubuhi moja, na huibua makosa ambayo mwandishi hawezi kuyaona kwa kuwa yeye tayari anaujua mfumo.

Aya ya mwisho hutaja tarehe tatu: siku tovuti inapofunguliwa, siku ya mwisho ya kuhakiki namba za simu, na siku ambayo Bodi itapokea malalamiko yaliyokusanywa. Kisha huja "Natanguliza shukrani", saini, jina, cheo na muhuri. Nakala moja hubaki kwenye jalada la chama, kwa sababu ahadi zilizomo, hasa ile ya kuendelea kujaza vitabu na ile ya kulinda siri, ndizo ambazo wanachama watazitumia kumhoji mwenyekiti kwenye Mkutano Mkuu unaofuata.